Makato Msiyotajiwa Kikaoni
SENTI KWA SENTI
Na Bi Mwanaidi

Wiki hii nimekasirika, na sababu ni mwalimu wa biashara. Alisimama mbele ya kina mama wa Kitanzania hapa Houston, akashika kikapu cha Iringa cha milulu, akasema: "Kimekufikia kwa dola 18, unakiuza Etsy kwa 40, kamisheni ni asilimia 6.5. Faida yako dola 19.40." Ukumbi ukapiga makofi. Dada mmoja aliyekaa jirani yangu akaiandika hesabu ile kiganjani.

Wasomaji wangu wa zamani mnalijua daftari langu. Nilimvuta yule dada nje tukaanza upya.

Mteja analipa dola 40 za kikapu na 10 za usafiri, jumla 50. Ile asilimia 6.5 inakatwa kwenye hamsini nzima, usafiri ukiwemo, kwa hiyo ni dola 3.25. Kuorodhesha bidhaa ni senti 20, na kikiuzwa kimoja unalipa tena ili kingine kikae dukani. Kupokea malipo ni asilimia 3 na senti 25: dola 1.75. Makato yamefika 5.20. Posta ikatoza 11, si 10, maana kikapu ni kipana. Boksi na utepe dola 1.50. Toa na zile 18 za kikapu chenyewe: zimebaki dola 14.30.

Dada akanyamaza. Nikamwambia bado.

Etsy hutangaza bidhaa zako kwenye mitandao mingine. Mteja akibonyeza tangazo hilo, kisha akanunua chochote dukani kwako ndani ya siku 30, duka dogo linakatwa asilimia 15 zaidi. Hapa ni dola 7.50. Mkononi zinabaki 6.80, theluthi moja tu ya zile alizopigiwa makofi mwalimu!

Mwalimu aliwakataza pia Amazon Handmade, eti asilimia 15 ni wizi. Lakini humo hakuna ada ya kuorodhesha wala ya kupokea malipo. Kikapu kilekile, gharama zilezile, kinaacha dola 12. Etsy inashinda mauzo yakija bila tangazo. Yakija kwa tangazo zaidi ya matatu katika kila kumi, inashindwa. Asiyejua oda zake zimetoka wapi hawezi kusema soko gani ni rahisi, na mwalimu hakumuuliza hata mmoja wetu.

Mtu anayefundisha kwa kiingilio cha dola 25 hana udhuru wa kutosoma taarifa ya makato. Iko wazi, mstari kwa mstari, kwenye akaunti ya kila muuzaji.

Dada zangu ambao mauzo yenu ya mwaka hayajafika dola 10,000: matangazo hayo mnaruhusiwa kuyazima. Fungueni mipangilio ya duka, tafuteni Offsite Ads, mwamue leo.