Sikukuu ya Msimamizi si Karamu ya Wakubwa



Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukikaribia, mabaraza ya parokia zilizowekwa chini ya jina la Mwenyeheri Anuarite Nengapeta huanza kujadili swali lilelile: sikukuu tuiweke siku gani ili wageni wapate kuja? Sisi tunasema kwamba swali hilo limeanza vibaya. Siku ipo tayari. Dada Anuarite aliuawa Isiro, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, na Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, Kanisa lilikwisha kujua ni siku ipi tunayopaswa kumkumbuka. Anayetaka kuihamisha ndiye anayepaswa kutueleza sababu.

Sababu tunayopewa ni moja: Dominika watu ni wengi, na watu wakiwa wengi sadaka nayo ni nyingi. Basi mwaka 2024 tarehe 1 Desemba ikaangukia Dominika, na hapa na pale watu wakafurahi kana kwamba mbingu zimewapangia kalenda. Kumbe siku hiyo ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Kanuni za mwaka wa liturujia hazina fumbo juu ya jambo hilo: sherehe ya msimamizi katika kanisa lake ni kubwa, lakini Dominika za Majilio ni kubwa kuliko hiyo, na sherehe inayoangukia Dominika hizo huhamia Jumatatu. Mahali ambapo watu walivaa nyekundu na kumwimbia shahidi, waamini walinyang'anywa mlango wa kuingilia mwaka mpya wa Kanisa.

Wengine hujibu: basi turudi nyuma Dominika moja. Nayo haiwezekani, kwa kuwa Dominika inayotangulia Majilio ni ya Kristo Mfalme, na msimamizi hamwondoi Mfalme katika kiti chake. Ukitaka Dominika iliyo wazi, itakubidi urudi hadi katikati ya Novemba. Hapo tarehe ya kifo chake haitakuwa na maana tena, na novena itasaliwa kwa kuelekea siku iliyochaguliwa kwa ajili ya gari la wageni.

Na hao wageni, tuwatazame vema. Kwaya ya parokia jirani ikija kwetu Dominika, altare yake inabaki bila waimbaji. Paroko wake hawezi kuja hata akitaka, maana ana misa zake mbili au tatu. Siku ya kazi mapadri wa dekania wanaweza kukusanyika kuizunguka altare moja, na hakuna waamini wanaoachwa yatima.

Mwaka huu wa 2026 tarehe 1 Desemba ni Jumanne. Tunakubali kwamba Jumanne ina taabu zake. Watoto wako shuleni, mama muuzaji hawezi kuacha meza yake sokoni asubuhi nzima, Desemba kwetu Kivu ni mwezi wa mvua, na giza si wakati wa kumrudisha mtu nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo saa zipangwe kwa kuanzia mwisho. Ikiwa watu wote wanapaswa kuwa njiani kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, chakula kianze saa kumi na robo. Misa ya sherehe kwa utaratibu wetu wa Kongo, pamoja na kuwaita watakatifu na wahenga mwanzoni, Utukufu wa kuchezwa na maandamano ya matoleo, huchukua saa mbili. Basi ianze saa nane na robo. Maandamano yaondoke saa saba na nusu, wanafunzi wakiwa wamekwisha kutoka darasani, tena yawe mafupi: kutoka kikanisa cha shirika lililo karibu, si kuizunguka mitaa yote. Msalaba utangulie, taa na sanamu zifuate, na maandamano yakiingia kanisani ndiyo yawe mwanzo wa misa. Mvua ikinyesha, tuanzie mlangoni.

Tunaona mara nyingi maandamano yakisimama juani robo tatu ya saa kumngojea mheshimiwa fulani aliye bado njiani. Asingojewe. Wala baada ya komunyo asipewe kinasa sauti ili atuhesabie mabati atakayotoa.

Lakini jambo linalotuumiza zaidi ni chakula. Desturi tunaijua: kila shirika huleta sufuria zake, kisha mkono usioonekana huchagua. Kuku na samaki huingia chumbani kwa paroko au chini ya hema lenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa. Bugali na maharage hubaki uani. Mama aliyeamka saa tisa usiku kuwasha makala humaliza siku akikwangua sufuria aliyoijaza mwenyewe. Mtakatifu Paulo aliwagombeza Wakorintho kwa jambo hilohilo, katika sura ya 11 ya barua ya kwanza: mmoja ana njaa, mwingine amelewa, na wote wanadai kwamba wanaila karamu ya Bwana. Tunaisoma barua hiyo Alhamisi Kuu, lakini tunaanza katika mistari ya mkate na kikombe. Maneno makali yanayotangulia hatuyasikii.

Watatuambia kwamba mgeni ni wa kuheshimiwa. Ndiyo, lakini kwetu mgeni huheshimiwa kwa kuketishwa pamoja na wenyeji. Anayelishwa peke yake chumbani ni mgonjwa.

Tuchukue parokia yenye mashirika 12 inayongoja wageni 180. Badala ya hema la wageni, kila shirika lipokee wageni 15 na kuwaketisha katikati ya watu wake 40. Hao ni watu 55. Kwa gramu 200 za unga kwa mtu mmoja, shirika litahitaji kilo 11 za unga. Kwa gramu 100 za maharage makavu, kilo tano na nusu. Juu yake sombe, mafuta na chumvi. Hicho ni kiasi ambacho nyumba kumi na tano zinaweza kukichanga bila kumwaibisha yeyote. Shirika lililo dhaifu lisaidiwe na baraza wiki moja kabla, kwa siri. Nyama ikipatikana, igawanywe sawasawa kwa mashirika yote 12 kabla ya kupikwa. Ikiwa haitoshi kwa wote, iuzwe, na fedha ziende kwa wagonjwa. Padri na mgeni wa mbali wapelekwe katika shirika kama wengine, kwa kupiga kura.

Maharage yasipikwe jana yake na kufunikwa yakiwa moto, kama wafanyavyo wanaotaka kupumzika. Asubuhi huwa na povu na harufu ya uchachu, na sikukuu huishia zahanati. Yalowekwe usiku, yapikwe alfajiri.

Tunajua ni nani watakaopinga: si mapadri, ambao wengi wao wamechoka na hema hilo, bali sisi walei tulio katika kamati, tuliozoea viti vyenye vitambaa. Mkutano wa kugawa kazi unakuja kabla ya novena kuanza tarehe 22 Novemba. Kila mjumbe wa shirika aulize hapo, kwa sauti, orodha ya hema la wageni imeandikwa na nani, na ni sufuria za nani zitakazoingia humo.