Fimbo ndiyo kipimo cha mboji

Matabaka ya lundo la mboji ni haya: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa chini, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi, udongo kidogo na maji, unarudia hadi lundo lifike kifuani. Ila bado kuna fimbo, na hiyo ndiyo bwana shamba wetu alitukaririsha siku ya wakulima mpaka wazee wakawa wanamwitikia.

Chomeka fimbo ndefu kwa mshazari hadi katikati ya lundo. Baada ya siku tatu ichomoe, shika ile ncha. Ikiwa ya moto na ina unyevunyevu, liache lundo. Ikiwa kavu au ina ukungu mweupe, mwagia maji. Ikiwa baridi, imelowa na inanuka kama yai viza, maji yamezidi na hewa haipiti: fumua, changanya mabua makavu, panga upya. Baridi bila harufu mbaya? Mara nyingi majani mabichi na samadi ni haba. Baada ya wiki tatu hivi geuza, vya pembeni viingie katikati.

Mabaki ya nyama msitie. Mbwa watalifumua lundo kabla yenu.