Tarakimu sita ambazo rafiki wa kweli hana haja ya kukuomba

UJUMBE wenyewe huwa mfupi na wa kirafiki: “Samahani ndugu, nimekutumia msimbo wa tarakimu sita kimakosa. Tafadhali nirudishie haraka.” Hutoka katika akaunti ya WhatsApp ya mtu unayemfahamu vyema, pengine binamu au mwenzako wa kanisani. Na kweli, dakika iyo hiyo simu yako imepokea ujumbe mfupi wenye tarakimu sita. Wengi huzituma bila kusita. Muda mfupi baadaye, akaunti zao huwa mikononi mwa tapeli.

Hila hii si mpya. Hata hivyo, ingali inawanasa watu wa kila tabaka, wakiwemo wasomi. Sababu si ujinga, bali ni kwamba maelezo ya tapeli huonekana ya kweli kwa mtu asiyejua jinsi WhatsApp inavyowasajili watumiaji wake. Anayeujua utaratibu huo hawezi kuhadaika, hata lugha ya mlaghai iwe tamu kiasi gani.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Utambulisho wako katika WhatsApp ni nambari yako ya simu. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuweka programu hiyo katika simu yake kisha akaandika nambari yako badala ya yake. Kufanya hivyo hakuhitaji ujuzi wowote. Ili kuhakikisha kwamba anayeomba ndiye mwenye nambari, WhatsApp hutuma msimbo wa tarakimu sita kwa nambari ile ile iliyoandikwa, ama kwa ujumbe mfupi au kwa kupiga simu na kuusoma.

Hapo ndipo uongo unapofichuka. Nambari inayopokea msimbo ndiyo nambari inayosajiliwa. Hakuna mahali popote katika utaratibu huo ambapo mtu huandika nambari ya kusajiliwa, kisha akaandika nyingine ya kupokea msimbo. Rafiki yako hana njia ya kutuma msimbo wake kwako.

Huenda msomaji akauliza: Je, ikiwa kweli alikosea tarakimu moja alipokuwa akiandika nambari yake? Jibu ni kwamba hata hapo, msimbo uliokufikia ni wa kufungua akaunti yako wala si yake. Hauwezi kumfaa kwa jambo lolote la halali. Atakachohitaji ni kurudi nyuma, aandike nambari yake sawasawa na kungoja msimbo wake mwenyewe.

Kwa hivyo kanuni ni moja na haina ubaguzi. Ukipokea tarakimu hizo bila kuziomba, mtu fulani ameandika nambari yako. Usipomwambia mtu, jaribio lake linaishia hapo.

Mfano wa chama

Ili kuelewa jinsi wizi huu unavyosambaa, tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 40 kinachoendesha shughuli zake katika kikundi cha WhatsApp. Ijumaa jioni, mwanachama mmoja anadanganywa na kuutoa msimbo wake. Tapeli anaingia.

Kinyume na wanavyodhani wengi, tapeli huyo haoni mazungumzo ya zamani. Hayo yamehifadhiwa katika simu ya mwenyewe, na katika nakala ya akiba ikiwa ameiweka, wala hayahami pamoja na usajili. Hata hivyo, sasa yeye ni mwanachama. Anaiona orodha ya wenzake pamoja na nambari zao, na kila ujumbe mpya unaoandikwa unamfikia.

Hana haraka. Anasoma kimya kimya hadi atambue ni nani anayejibu “nimepokea” kila mchango unapotumwa. Huyo ndiye mweka hazina. Anamwandikia faraghani, kwa jina na picha ya mwanachama wanayemfahamu wote, na kumwomba amrudishie msimbo “uliotumwa kimakosa”. Mweka hazina hana sababu ya kumshuku mwenzake wa miaka kumi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hapa ni nguo iliyoibwa.

Mara tu mweka hazina anapotoa tarakimu hizo, simu yake inatolewa katika akaunti na kumwarifu kwamba nambari yake haijasajiliwa tena katika simu hiyo. Tapeli naye anawasha kinga ya hatua mbili na kuweka nambari ya siri anayoijua yeye pekee. Kisha anaandika katika kikundi: “Laini yangu ya M-Pesa ina hitilafu. Michango ya mazishi itumwe kwa nambari hii ya mpwa wangu kabla ya saa nne usiku.” Wanachama kumi wakitii na kutuma Sh2,000 kila mmoja, Sh20,000 zimekwenda kabla ya mwenye akaunti kupata mtu wa kumweleza.

Tuangalie kwa nini mpwa alitajwa. M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la anayetumiwa kabla hajathibitisha. Tapeli anajua kwamba jina litakaloonekana halitakuwa la mweka hazina, hivyo anatanguliza maelezo yake mapema. Kila unapopewa sababu ya kutuma pesa kwa jina lisilo la mhusika, sababu hiyo yenyewe iwe kwako ishara ya hatari.

Dawa yake ni kumpigia mhusika kwa simu ya kawaida. Usimpigie kupitia WhatsApp, kwa kuwa simu hiyo italia kwa tapeli. Aliyekwisha kutuma pesa kwa M-Pesa naye aupeleke ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja ili kuomba zirudishwe. Njia hiyo husaidia tu iwapo pesa hazijatolewa kwa wakala, na matapeli huzitoa upesi.

Kuirejesha akaunti

Ni katika hatua hii ambapo waathiriwa wengi hukata tamaa bila sababu. Fungua WhatsApp katika simu yako, andika nambari yako, uombe msimbo mpya na uuingize. Laini ingali yako, kwa hivyo msimbo utakuja kwako.

Huenda baada ya hapo ukaulizwa nambari ya siri ambayo hukuiweka wewe. Hiyo ni ile ya tapeli, na usipoijua utalazimika kungoja siku saba kabla ya kuingia bila nambari hiyo. Wengi wakifika hapo huamini kwamba wameshindwa, nao huacha. Ukweli ni kwamba tayari wameshinda. Pindi ulipouingiza msimbo wa ujumbe mfupi, tapeli alitolewa nje, hata kama wewe hujaruhusiwa kuingia. Ili arudi, atahitaji msimbo mwingine, nao utatumwa kwa simu yako. Wiki hiyo moja ni usumbufu, lakini hakuna mtu anayeandika kwa jina lako.

Wakati mwingine tapeli huomba misimbo mingi mfululizo, au kuandika tarakimu za kubahatisha makusudi, ili WhatsApp isimamishe kwa muda utumaji wa misimbo. Ukikuta saa inahesabu kwenye skrini, ngoja iishe wala usibahatishe, kwani kila kosa huongeza muda wa kungoja. Wakati huo huo, watumie wenzako ujumbe mfupi wa kawaida, na umpigie msimamizi mwingine wa kikundi aiondoe nambari yako hadi utakaporejea.

Kinga na mipaka yake

Kinga iliyo bora ni ile ile anayoitumia tapeli, ila uiweke wewe kwanza. Ingia “Settings”, kisha “Account”, halafu “Two-step verification”, uchague nambari ya siri ya tarakimu sita. Isichanganywe na msimbo wa usajili. Msimbo huletwa kwa ujumbe mfupi na hutumika mara moja. Nambari ya siri unaitunga mwenyewe na haibadiliki hadi utakapoibadilisha. Ukiwa nayo, tapeli aliyepata msimbo wako bado atakwama mlangoni. Weka pia anwani ya barua pepe unayoitumia kweli, kwa kuwa ndiyo itakayokuokoa ukiisahau nambari hiyo.

Hata hivyo, kinga hii ina mipaka miwili inayofaa kujulikana.

Kwanza, haizuii simu kuelekezwa kwingine. Mlaghai anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu anaweza kukuambia ubonyeze nambari inayoanza na `**21*` ikifuatwa na nambari yake, ati anakurekebishia laini. Ukitii, simu zako zote zinakwenda kwake. Kisha yeye anaitaka WhatsApp isome msimbo kwa kupiga simu, na anausikia bila kukuomba chochote. Kutazama kama simu zako zimeelekezwa kwingine, bonyeza `*#21#`. Kufuta, bonyeza `##21#`.

Pili, haizuii kuunganishwa kwa kifaa cha ziada. WhatsApp humruhusu mtumiaji kuunganisha hadi vifaa vinne na simu yake, kwa kupiga picha mchoro wa mraba au kwa kuandika msimbo wa herufi na tarakimu nane. Tapeli anayekushawishi kuuandika msimbo huo, labda akidai ni wa kupiga kura katika shindano au kufungua picha, hakutoi katika akaunti. Simu yako inaendelea kufanya kazi kama kawaida, naye anasoma pamoja nawe. Kwa sababu hakuna kinachoharibika, unaweza kukaa wiki nyingi bila kujua. Fungua “Linked devices” mara kwa mara, na uondoe kifaa chochote usichokitambua.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 inaadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Piga ripoti kwa polisi, na uhifadhi picha za jumbe na za muamala, kwa maana nambari iliyopokea pesa ndiyo mara nyingi huwa alama pekee aliyoiacha mwizi. Lakini mkono wa sheria hufika baada ya pesa kwenda.

Kwa hivyo vyama, makanisa na kamati za mazishi vinavyokusanya michango katika vikundi vya WhatsApp vina jambo moja la kuamua katika mkutano ujao, kabla ya agenda nyingine yoyote: kwamba nambari ya kupokea pesa haitabadilishwa kwa ujumbe wa kikundi pekee, hata ujumbe huo uwe umetoka kwa mwenyekiti. Atakayetaka kuibadilisha apigiwe simu na wanachama wawili, waisikie sauti yake, ndipo shilingi ya kwanza itumwe.