Chanjo Si Aiskrimu: Tuache Kusifia Baridi Tusiyoipima



Leo tuna ugomvi kidogo, na tunaanza kwa kujigomba wenyewe. Sisi tunaopanda Lushoto kufuata mboga, matunda na vitambaa tumekuwa na mazoea mabaya. Tukinunua chanjo ya homa ya ini B kwenye duka la dawa la mtu binafsi, tunaishika chupa kwa vidole, tunaisikia baridi, tunasema alhamdulillah, dawa nzima hii. Muuzaji naye anatuongezea sifa: "Dada, hapa Lushoto baridi yenyewe tu ni friji." Tunacheka, tunalipa, tunaondoka.

Kauli hiyo tunaikataa. Chanjo hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, usiku na mchana, tangu kiwandani mpaka kwenye sindano. Baridi ya Usambara inatufanya tutafute sweta alfajiri, lakini jua likipanda inaondoka. Rafu ya duka si friji, hata duka hilo liwe mlimani.

Lakini kosa kubwa zaidi liko upande ambao hatuuogopi. Sote tunaogopa joto. Tunauliza, "Imepata baridi ya kutosha?" Hatuulizi, "Imeganda?" Na kwa chanjo ya homa ya ini B kuganda ndiko adui mkubwa. Chanjo hii ni miongoni mwa zinazostahimili joto vizuri, ingawa hiyo si ruhusa ya kuiacha juani. Barafu haiiwezi kabisa. Ikishuka chini kidogo tu ya nyuzi sifuri, kama nusu nyuzi hivi, inaweza kuganda, na ikishaganda imekwisha.

Sababu yake ni hii. Ndani ya ile chupa kuna chembe za chanjo zilizoshikizwa kwenye chumvi ya alumini, na hiyo chumvi ndiyo inayousaidia mwili kuitambua chanjo na kujijengea kinga. Maji yakiganda, chembe hizo zinasukumana na kushikamana mabonge. Ukiiyeyusha baadaye maji yanarudi kuwa maji, lakini mabonge hayarudi yalivyokuwa. Ni kama uzi uliooza kwa jua dukani: kwenye kibiringo unaonekana mzima, unakatika siku nguo imevaliwa.

Tuwape kisa cha mwenzetu mmoja. Alinunua dozi yake ya pili pale mjini Lushoto, ili akachomwe na muuguzi wa kijijini anakofikia, mwendo wa saa tatu kwa basi na bodaboda. Muuzaji akamtilia chupa kwenye chupa ya chai, akaizungushia vipande vya barafu iliyoganda kama jiwe. Mwenzetu akafika na furaha, anaonyesha kuwa barafu bado ipo. Muuguzi akatazama, akasema, "Mama, samahani, hii sitakuchoma." Mwenzetu akapandisha hasira. Fedha imetoka, safari imechosha, na baridi si hiyo hapo anaiona?

Tunasema wazi: muuguzi alikuwa na haki. Barafu iliyotoka kwenye frijiza punde ina ubaridi wa chini sana ya sifuri, na chupa ilikuwa imeigusa saa tatu nzima. Wanaobeba chanjo kwa kufuata taratibu huziacha kwanza pakiti za barafu nje, mpaka ukizitikisa unasikia maji yanacheza ndani. Hapo ndipo zinapoingia kwenye kisanduku cha chanjo. Kilichomharibia mwenzetu si joto la njiani, ni ule ukarimu wa barafu.

Je, muuguzi angeweza kuhakikisha? Ipo njia, inaitwa kipimo cha kutikisa. Unachukua chupa nyingine ya chanjo ileile, ya kiwanda kilekile na namba ileile ya toleo. Unaigandisha makusudi mpaka iwe barafu tupu, kisha unaiacha iyeyuke. Unazitikisa zote mbili pamoja, ile uliyoigandisha na ile unayoitilia shaka, unaziweka mezani na kuzitazama kwa nusu saa hivi. Ile iliyogandishwa mashapo yake yatatua chini upesi na juu patabaki maji meupe. Kama ile ya shaka inatua kwa kasi hiyohiyo au kuizidi, inatupwa. Lakini kipimo hiki kinataka chupa ya pili ya kuiharibu, na mwenzetu alikuwa na moja tu mkononi. Kutazama chupa moja peke yake hakutoshi, maana hata chanjo nzima ikitulia muda mrefu huweka unga mweupe chini. Kwa hiyo hukumu ya muuguzi ilikuwa ndiyo hukumu: ukishindwa kuthibitisha, usichome.

Wengine watasema, mbona kuna kile kidude cha duara chenye mraba ndani, ambacho wahudumu wanakiita VVM? Kipo, na kina faida. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijazidiwa na joto. Ukifanana rangi na duara au ukawa mweusi zaidi, haifai. Lakini kinapima joto tu. Chanjo iliyoganda inaweza kuwa na mraba mweupe pepepe. Tena chupa nyingi za kununua kwa fedha mkononi hazina kidude hicho kabisa.

Basi mnunuzi afanye nini? Tuache kupapasa chupa, tuombe kuona friji. Ndani yake kuna kipimajoto? Chanjo zimepangwa katikati, au zimebanwa mlangoni, au zimegusana na sehemu ya kugandishia? Halafu tuombe daftari la joto, linaloandikwa asubuhi na jioni. Kipimajoto kinakwambia sasa hivi, daftari linakwambia jana na usiku ule umeme ulipokatika. Na tulisome kwa jicho la fundi: daftari lenye 4, 4, 4 mwezi mzima, kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka, limeandikwa siku moja. Friji la kweli linapanda na kushuka.

Kubwa kuliko yote, tuache kubeba chupa. Dozi inunuliwe pale inapochomwa, itoke kwenye friji iingie mkononi mwa muuguzi.

Na ambaye ameshachomwa dozi ya shaka asijipe moyo kwa sababu hakuumwa. Chanjo iliyokufa haitoi dalili, inakuacha tu bila ngao. Mweleze daktari ukweli. Dozi hiyo inaweza kurudiwa, na kurudia hakudhuru. Au mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho upimwe damu kuona kama kinga ipo.

Muuzaji naye tunamwambia bila kumung'unya. Tunajua kupunja mizani ni dhambi, na anayepunja mchele tunamjua kwa kuupima tena nyumbani. Anayeuza chanjo asiyoilinda anapunja kitu tusichoweza kukipima tukifika nyumbani, na tunayempa ni mume, mchumba, binti anayekwenda kuolewa. Hiyo ni amana. Asiyekubali kufungua friji tuone, tumuachie chanjo yake, na fedha zetu turudi nazo.