Kuhara mwezi muzima: Flajili haitoshi

Ku karyere za Kolwezi na Likasi, mutu akihara ananunua Flajili ku famasi na kurudi ku shimo. Mara mingi anapona. Lakini kuhara kukipita wiki mbili, kisha mwezi, na mwili unakonda, haifai kununua Flajili ya tatu. Inafaa kupima virusi ya Sida.

Tuchukue mfano wa muchimbaji wa miaka 35. Anaenda choo mara nane kwa siku, maji matupu, bila damu. Labo inaangalia mavi yake, inasema: hakuna kitu. Kitu kinaweza kuwa pale. Kadudu kanakoitwa kriptosporidi ni kadogo sana, na kwa kipimo cha kawaida hakaonekani vizuri. Labo inapaswa kutia rangi nyekundu, ya jamaa moja na ile ya kutafutia kifua kikuu mu makohozi. Munganga asipoiandika ku karatasi, mara mingi labo haiifanyi.

Mutu mwenye mwili wenye nguvu anapona mwenyewe, karibu mu wiki mbili. Lakini kama askari wa mwili, CD4, wako chini ya 200, na zaidi chini ya 100, kadudu kanakaa. Flajili haikawezi, na hakuna dawa ingine yenye kukaua kwa hakika kama askari wamekwisha. Dawa yenyewe njo ARV: CD4 zikipanda, kuhara kunakatika. Mbele ya kuanza, munganga anatafuta kifua kikuu na ugonjwa wa bongo, juu hizo zinaweza kubadilisha siku ya kuanza. Na kama mugonjwa alikuwa anakunywa ARV tayari, apimwe wingi wa virusi, kujua kama aliachaacha dawa ao kama dawa haifanyi kazi tena.

Tena ile rangi inaonyesha ndugu yake, isospora. Kuhara kunafanana, lakini huyu anasikia Baktrimu, kwa kipimo cha munganga. Njo maana ya kutafuta jina la kadudu mbele ya kumeza vidonge.

Pa nyumba, kinachoua haraka ni kukauka maji. Pakiti moja ya ORS inaingia mu litre moja ya maji safi. Mugonjwa anakunywa kila akitoka choo, na anaendelea kula. Akishindwa kunywa, ao mukojo ukipotea, aende hospitali siku ileile.

Na maji? Wengi wanatia kloro mu bido na kutulia. Kloro inaua kolera, lakini kriptosporidi haiiogopi. Maji ya mugonjwa yachemke kwa nguvu dakika moja, kisha yafunikwe. Mwenye kumusafisha anawe mikono na sabuni.

Sisi tunaomba kitu kimoja kwa wenye kuongoza vituo vya afya karibu na karyere: mutu akihara mwezi, apimwe Sida na CD4, na mavi yake yatiwe rangi, mbele ya kumurudisha na Flajili ingine.