Sabini kwa thelathini si faida, ni mgao tu

Wiki jana jirani yangu, mama anayeuza mahamri, alinionyesha vikaratasi viwili vya akaunti za mudharaba. Kimoja kilimwahidi mgao wa 70 kwa 30, yeye akichukua 70. Cha pili kilikuwa nusu kwa nusu. "Mwanangu, hii ya sabini si ndiyo bora?" akaniuliza.

Nikamwambia ngoja kwanza, mama. Tangu benki za kiislamu zifungue milango hapa Kenya mwaka 2008, wengi wetu tumeona tusiguse riba, lakini hesabu tumeiacha kwa karani. Katika mudharaba wewe unatoa mtaji, benki inafanya kazi, na kinachogawanywa ni faida iliyopatikana. Sabini ya kidogo yaweza kuwa chini ya nusu ya kingi.

Tuchukue mfano wa shilingi 200,000 kwa mwaka. Benki ya kwanza ikipata faida ya asilimia 6, fedha hizo zimezaa 12,000, na sabini yake ni 8,400. Ya pili ikipata asilimia 10, zimezaa 20,000, na nusu yake ni 10,000. Aliyekimbilia sabini amepungukiwa na 1,600.

Bado kuna kodi ya zuio. Ikikatwa asilimia 15, wa kwanza anabaki na 7,140 na wa pili 8,500. Kisha tazama soko. Bei zikipanda kwa asilimia 5, ili hela zako zinunue unga uleule zinahitaji kuongezeka 10,000. Kwa hivyo hata aliyeshinda amerudi nyuma kidogo, ingawa aliyeziweka chini ya godoro amerudi nyuma zaidi.

Kwa hivyo usiulize mgao peke yake. Uliza: robo zilizopita mlimlipa mweka akiba kiasi gani hasa, kwa mwaka mzima, na kuna ada gani? Sema "kwa mwaka", kwa sababu asilimia 1.5 ya miezi mitatu ni karibu 6 kwa mwaka, na mtu akikuwekea 1.5 kando ya 6 atakuchanganya. "Faida inayotarajiwa" pia si iliyolipwa.

Na ukiambiwa faida ni hii kamili, imehakikishwa, ije mvua lije jua, shtuka. Katika mudharaba hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji, isipokuwa msimamizi amezembea au amevunja masharti. Faida iliyofungwa tangu mwanzo juu ya mtaji wako ina harufu ya kile kile unachokikimbia. Mwambie akuonyeshe mkataba, na majina ya mashekhe walioukagua.

Yule mama alirudi benki zote mbili na swali moja la robo zilizopita. Moja ilimpa jedwali papo hapo. Nyingine bado anaisubiri.