TTP: chembe sahani 12,000, lakini shida ni kuganda

"Chembe sahani zimeshuka hadi 12,000, damu ni nyepesi, mwongezeeni." Kauli hii ya wodini ndiyo ya hatari kuliko zote. Chembe sahani za mgonjwa huyu zimenaswa ndani ya mishipa. Kuta za mishipa hutoa protini ndefu yenye kunata, von Willebrand, inayozidaka chembe sahani panapochanika. Kimeng'enya kiitwacho ADAMTS13 huikatakata isiwe ndefu kupita kiasi. Kwa watu wazima wengi wenye TTP, kingamwili za mwili wao wenyewe hukishambulia, kikabaki chini ya asilimia 10. Basi nyuzi hubaki ndefu, na kwenye mishipa myembamba, damu inapopita kwa kasi, hunyooka na kudaka chembe sahani hata pasipo na jeraha. Mabonge madogo huziba ubongo, moyo na figo. Seli nyekundu zinazojipenyeza hapo hukatika, na kwenye darubini utaona vipande vyenye umbo la kofia ya askari. Ndiyo maana mtu mmoja huwa na madoa ya zambarau miguuni na kiharusi kwa pamoja. Ukimwongezea chembe sahani ilhali havuji damu kwa kiasi cha kutishia maisha, unaweza kuwa unachochea moto.

"Tusubiri majibu ya ADAMTS13." Majibu hayo huweza kuchukua siku kadhaa. Ugonjwa huu hausubiri: mwaka 1924 Eli Moschcowitz wa New York alieleza habari za msichana wa miaka 16 aliyefariki, mishipa yake midogo ikiwa imejaa mabonge. Kabla ya tiba ya plazma, wagonjwa 9 kati ya 10 hivi walikufa. Chembe sahani zikiwa chini, seli zimekatika, LDH imepanda, huku PT na APTT zikiwa za kawaida, chukua sampuli kisha anza tiba. Pima pia VVU, maana vinaweza kuwa kichochezi.

"Plazma ya kutundika inatosha, mashine ya nini?" Tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 ana plazma ya lita 2.4 hivi, yaani takriban chupa 12 za mililita 200. Ukizitundika zote kila siku, mapafu yatajaa maji. Mashine hutoa plazma yake pamoja na kingamwili na nyuzi ndefu, ikarudisha ya wachangiaji yenye kimeng'enya. (Mashine ya kawaida ya kusafisha figo haifai: kingamwili ni kubwa mno kupita kwenye chujio lake.) Utafiti wa Kanada uliochapishwa 1991 ulikuta kwamba baada ya miezi 6 asilimia 78 ya waliobadilishiwa plazma walikuwa hai, dhidi ya 63 ya waliotundikiwa tu. Kubadilisha plazma hufanywa kila siku hadi chembe sahani zivuke 150,000 kwa siku mbili mfululizo, pamoja na steroidi za kuzima kingamwili.

Kama hospitali yako haina mashine, mtundikie plazma kwa kiasi anachoweza kuhimili, mpe steroidi, na umpe rufaa leo hii, si kesho asubuhi.